Ulimi Unapanda na Jua

Aliketi kitini, akafungua kinywa kabla sijamaliza kuvaa glavu, akaweka kidole juu ya gego la chini upande wa kushoto.

"Daktari, nitolee na hili."

Mie si daktari, ni afisa wa afya ya kinywa, lakini hapa Mombasa ukishavaa koti jeupe jina hilo linakufuata hata sokoni. Kilichonishtua ni hiyo "na hili". Gego la jirani yake halikuwepo, na la juu yake halikuwepo. Yote mawili yaling'olewa kwingine, mwaka huohuo, kwa malalamiko yaleyale: ulimi unawaka kama umepakwa pilipili.

Nililigonga lile gego kwa mpini wa kioo. Haliumi. Nikalipulizia hewa baridi. Halishtuki. Halina tundu, fizi yake haitoki damu, halitikisiki. Jino zima kabisa la mama wa miaka 49.

Sikuling'oa.

Aliudhika, na sikumlaumu. Alikuwa amefunga biashara yake ya mahamri na mbaazi kule Kisauni siku nzima ili atoke na jibu, na mie namrudisha na jino lake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria, kwa sababu kilichomleta kwangu hakikuwa meno wala hakikuwa kitu kimoja, na kila mtu aliyemwona kabla yangu alikuwa ameshika kipande chake tu.

## Saa ngapi, na ukila inakuwaje?

Mtu akiniambia kinywa kinawaka, namuuliza maswali mawili kabla ya kuwasha taa. Inawaka saa ngapi? Na ukila inakuwaje?

Alijibu bila kufikiri. "Nikiamka saa kumi za usiku kukanda unga sina neno. Jua likipanda, na ulimi unapanda nalo. Baada ya magharibi sitaki hata kusemeshwa."

"Na ukila?"

Akanyamaza kidogo, kama mtu anayeona haya kusema jambo lisiloingia akilini. "Nikila napona."

Akaeleza kwamba Ramadhani ndiyo iliyomtesa zaidi. Mchana kutwa ulimi unawaka, kisha akifuturu, tende ya kwanza na funda la maji tu, moto unanyamaza. Akimaliza kula, baada ya nusu saa unarudi. Wifi yake alimwambia huo ni uvivu wa kufunga.

Hapo mie nilikaa sawa kitini. Kidonda hakina tabia hiyo. Kidonda cha ulimi kikigusana na achari ya ndimu, utaruka. Jino bovu likigusana na chai ya moto, utashika shavu. Kitu kinachotulia ukitafuna, kinachoanza siku kikiwa kimya na kuongezeka hadi jioni, mara nyingi hakitoki kwenye nyama ya kinywa wala kwenye jino. Kinatoka kwenye neva.

Wenyewe wanaoshughulika na vinywa wanauita ugonjwa wa kinywa kuwaka. Ili uitwe hivyo, moto uwepo kila siku, kwa zaidi ya saa mbili, kwa muda unaopita miezi mitatu, na mtu akitazama ndani asione kidonda wala jambo linalotosha kuueleza. Mara nyingi unashika ncha ya ulimi na kingo zake, wakati mwingine kaakaa la mbele na upande wa ndani wa mdomo wa chini. Wengi huonja chumvi, uchungu au ladha ya chuma kinywani bila kula chochote. Unampata yeyote, lakini kwa sehemu kubwa unawapata wanawake waliokaribia kukoma hedhi au waliokwisha kukoma.

Yeye alikuwa na vyote hivyo. Ladha ya chuma aliifananisha na kulamba funguo.

Basi jibu lilikuwa pale, tayari, na lilinijia mdomoni: mama, ni umri.

## Nilikosita

Nina miaka 53 mwenyewe. Kuna siku macho yangu yanachoma kama nimekaa juu ya moshi wa kuni, na nimeshaambiwa "ni umri" mara nyingi kiasi kwamba nalijua jibu hilo linavyofanya kazi. Linafunga mlango. Anayelitoa anapumzika, anayelipokea anakwenda nyumbani.

Na shida yake ni kwamba huenda likawa kweli, na bado likawa halitoshi.

Ugonjwa wa kinywa kuwaka ni jina unalolifikia mwisho, baada ya kuondoa vinavyofanana nao. Vyenyewe si vigeni. Utando wa fangasi. Upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12. Kisukari. Tezi ya shingo iliyolegea. Meno ya bandia yanayokwaruza. Asidi inayopanda usiku. Dawa ya meno yenye mnanaa mkali au dalasini. Na dawa za kumeza, ambazo watu huzisahau kwa kuwa wanazinywa kila siku.

Kwa hivyo nikawasha taa, nikaanza kutazama.

Kwanza utando. Alikuwa na weupe kidogo juu ya ulimi, na huo ndio uliokuwa ukimnyima usingizi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni ule ugonjwa. Nilichukua shashi, nikausugua. Utando wa fangasi hutoka kwa vipande kama maziwa yaliyoganda, na chini yake panabaki pekundu, pengine panatoka damu. Huu wake ulitoka kidogo tu na chini yake palikuwa pa kawaida. Ni uchafu wa ulimi usio na mate ya kutosha. Kipimo cha VVU tulifanya siku hiyohiyo ili moyo wake utulie, na majibu yalikuwa hana virusi.

Kisha kingo za ulimi. Ulimi mzima una vinywele vidogo vinavyoupa ukwaru, kama uso wa taulo. Kingo zake zilikuwa zimeanza kuwa na upara, laini na zinang'aa. Nikaandika.

Kisha kioo. Hiki ni kipimo cha kizamani na hakigharimu kitu: unaegemeza mgongo wa kioo cha meno ndani ya shavu, halafu unakivuta. Penye mate kinateleza. Kwake kilinata, nikavuta na ngozi ya shavu ikafuata.

Hapo ndipo hadithi ya "ni umri" ilipopata ufa. Katika ugonjwa wa kinywa kuwaka wenyewe, mtu huhisi kinywa kimekauka, lakini ukipima mate mara nyingi yapo. Huyu alikuwa mkavu kweli. Na upara wa ulimi nao hauletwi na neva peke yake.

Nikamwambia aje siku nyingine na dawa zake zote, hata zile za kutuma mtoto dukani.

## Mfuko wa plastiki

Alikuja na mfuko. Alimwaga juu ya meza yangu.

Kulikuwa na enalaprili ya presha, aliyoianza miaka minne nyuma. Kundi hili la dawa linajulikana kwa kuchezea ladha na mara nyingine kuwasha ulimi, lakini moto wake ulikuwa na miezi tisa tu. Kulikuwa na dawa ya asidi ya tumbo aliyonunua mwenyewe baada ya mtu kumwambia moto wa ulimi ni vidonda vya tumbo. Na kulikuwa na bahasha tatu za karatasi zenye vidonge vidogo vya manjano.

"Hivi?"

"Vya mzio. Vinanilaza."

Klorofenamini. Alikuwa akimeza kimoja kila usiku, na usiku mbaya viwili, kwa karibu mwaka mzima. Nikamuuliza mzio wa nini. Akakunja mkono wa deraa lake na kunionyesha mkono uliokuwa hauna kitu. Hakuna kipele, hakuna wekundu, ila mikwaruzo ya kucha.

"Wadudu, daktari. Siwaoni. Nikilala wanaanza miguuni wanapanda, kama sisimizi wamepata sukari. Mume wangu amewasha taa, ametikisa mashuka, amepuliza dawa ya kunguni chumba kizima. Hakuna kitu. Nilikwenda kwa shangazi akanisomea, nikatulia siku mbili."

Sasa nisikilize hapa, kwa kuwa ndipo nilipoona kamba nzima.

Ngozi kutambaliwa na wadudu wasiokuwepo, au kuchomachoma kama ganzi inayotoka, ni dalili inayojulikana ya miaka ya kuelekea kukoma hedhi. Homoni ya kike, estrojeni, haihudumii kizazi peke yake. Ngozi ina vipokezi vyake, neva zina vipokezi vyake, na utando wa kinywa pia. Ikianza kupanda na kushuka ovyo, ngozi inapungua unene na mafuta, na neva ndogo za mguso na joto zinaanza kutuma habari zisizo na chanzo. Yeye aliona wadudu wanazidi dakika chache kabla ya vukuto la joto kumshika, na hilo halikunishangaza.

Aliwapeleka wadudu hao dukani. Akapewa dawa ya mzio, ambayo inamlaza kweli, na kwa hiyo akaamini inamtibu. Lakini klorofenamini ni katika dawa zinazokausha. Inafunga mate. Inafunga machozi. Kinywa kikakauka, ulimi uliokuwa na moto mdogo ukapata moto mkubwa. Moto ukampeleka kwa meno. Meno mawili yakaenda.

Na macho? Sikuwa nimemuuliza. Alicheka. "Hayo si ya kukuletea wewe. Naambiwa ni moshi wa mafuta."

## Damu iliyokwenda kimyakimya

Upara wa ulimi ulikuwa bado umekaa kwenye daftari langu. Nilimwandikia barua kwa daktari wa wanawake, kwa kuwa vipimo vya damu si vyangu mimi kuamua, nikamwomba aangalie wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, sukari na tezi ya shingo.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kuhusu hedhi. Ya mwisho ilikuwa miezi minane nyuma. Kwa hesabu ya kitabibu hajakoma bado: hedhi inahesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na damu yoyote inayotoka baada ya hapo inatakiwa kuchunguzwa, haijalishi ni matone mangapi. Lakini mwaka uliotangulia huo ukimya, alisema, alikuwa akivuja. Pedi inajaa ndani ya saa moja, mabonge, siku tisa, kumi. Aliona ni mwili unamalizia kazi.

Wanawake wengi wa rika letu wanalijua hilo. Katika miaka hiyo yai halitoki kila mwezi, ukuta wa kizazi unajengeka bila kipimo, na ukibomoka unabomoka kwa fujo. Hilo nalo linatakiwa kupigiwa picha, kwa kuwa uvimbe wa kizazi huleta damu hiyohiyo, na mara chache jambo zito zaidi. Yeye alipigwa picha, akakutwa salama.

Majibu ya damu yalirudi: himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa chini, 10.4, na ferritini, ambayo ndiyo akiba ya chuma, ilikuwa 8. Kwa mtu mzima asiye na homa wala ugonjwa mwingine, ikishuka chini ya 15 ghala limekwisha. B12 ilikuwa sawa. Sukari sawa. Tezi sawa.

Kwa hivyo chuma kilikwisha mwaka mzima wa kuvuja, ulimi ukaanza kupoteza vinywele vyake, na hakuna aliyeutazama kwa makini kwa sababu kila mtu alikuwa akitazama meno. Upungufu wa chuma peke yake unaweza kuwasha ulimi. Unaweza pia kuwasha ngozi na kuinyima miguu utulivu usiku.

Niliketi na karatasi ile nikajiuliza: sasa ni ukomo wa hedhi au si ukomo wa hedhi?

Sijui kama swali lenyewe lina maana. Homoni ndizo zilizoleta damu nyingi, damu ikaondoka na chuma. Homoni ndizo zilizoleta wadudu, wadudu wakaleta kidonge, kidonge kikaondoka na mate. Ukimwambia "ni umri" humdanganyi. Ila unamwacha na ferritini ya 8.

## Kwa nini moto unanyamaza akila

Hili linanivutia kuliko yote, niruhusu nikae nalo kidogo.

Mwaka 2005 watafiti wa Italia walichukua vipande vidogo vya ulimi kutoka kwa wagonjwa 12 wenye kinywa kinachowaka bila sababu, wakavitazama kwa hadubini. Neva nyembamba zinazoishia juu kabisa ya ulimi, zile za kuhisi joto na maumivu, zilikuwa chache kuliko za watu wazima wa afya. Maana yake ni kwamba hawa watu hawakuwa wakijisingizia. Neva zilikuwa zimekufa kichinichini, na neva inayokufa huwa na kelele.

Maelezo mengine, yanayokwenda pamoja na hayo, ni ya ladha. Sehemu ya mbele ya ulimi ina neva mbili tofauti: moja inaleta ladha, nyingine inaleta maumivu na joto. Inadhaniwa kwamba ile ya ladha humzuia mwenzake, kama kaka mkubwa anayemshika mdogo mkono asipige kelele. Neva ya ladha ikidhoofika, ya maumivu inaachiwa. Ukila, ya ladha inaamka kwa muda, inashika tena. Ukimaliza, inaachia.

Nilipomweleza hivi, mama wa mahamri alisema ndiyo maana siku hizi anaonja mbaazi mara tatu na bado hajui kama chumvi imekolea.

Hakuwa ameniambia hilo kabla. Wateja ndio waliokuwa wakimwambia.

## Macho yanayolia kwa kukauka

Macho nitayapitia kwa haraka, ingawa haya ni yangu pia.

Nilikuwa nikipanda tuktuk kutoka Nyali, upepo wa kaskazi unavuma, na machozi yananitiririka hadi dereva ananiuliza kama kuna msiba. Nani angesema hayo ni macho makavu? Lakini ndivyo yanavyofanya. Machozi ya kawaida ni maji yaliyofunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta, na mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vidogo vilivyopangwa ukingoni mwa kope. Vitezi hivyo vinasikiliza zaidi homoni zile tunazoziita za kiume, ambazo wanawake pia tunazo na ambazo hupungua kadiri umri unavyokwenda. Mafuta yakipungua, maji yanakauka upesi, jicho linachomeka, na ubongo unatuma mafuriko ya machozi mepesi yasiyokaa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza kwangu imekuwa kitambaa safi cha maji ya moto yanayovumilika, juu ya kope zilizofungwa kwa dakika kama kumi, kisha kuzikanda kope taratibu kuelekea kwenye nywele za kope ili mafuta yaliyoganda yatoke. Kitambaa kinapoa mapema kuliko unavyodhani, inabidi ukichovye tena na tena. Feni nimeigeuza isinipulizie usoni usiku. Matone ya machozi ya bandia natumia, na ukiyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku tafuta yasiyokuwa na dawa ya kuhifadhia, kwa kuwa hiyo dawa yenyewe hukwaruza.

Watu huniuliza mbona tusinywe tu homoni yakaisha yote. Mwaka 2001 ulitoka utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake zaidi ya 25,000 waliokoma hedhi. Waliokuwa wakitumia estrojeni peke yake walikuwa na macho makavu zaidi kuliko wasiotumia, kwa karibu asilimia 69. Waliochanganya na homoni ya pili, projesteroni, walizidi pia, ila kwa kiasi kidogo. Homoni zinafaa sana kwa vukuto la joto na jasho la usiku, na mwenye hayo azungumze na daktari wake bila woga. Kwa ulimi unaowaka, tafiti zinagongana. Kwa macho, huenda zikayazidishia ukavu.

Na kuna jambo moja ambalo mtu asilipite. Macho makavu na kinywa kikavu vikija pamoja, huwezi kumeza mkate bila maji, viungo vinauma asubuhi, na mashavu yanavimba chini ya masikio, huo huenda ukawa ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili inashambulia tezi zake yenyewe. Unawapata zaidi wanawake wa umri wetu huuhuu, na unafichwa kirahisi nyuma ya neno umri. Mama wa mahamri alipimwa. Hakuwa nao.

## Moja kwa wakati mmoja

Daktari alikataa kubadilisha kila kitu kwa pamoja, na namshukuru kwa hilo. Ukibadilisha vitatu siku moja, mgonjwa akipona hujui kilichomponya, na asipopona hujui kilichomzidishia.

Kilichoondoka kwanza kilikuwa kidonge cha manjano. Usiku chache za mwanzo zilikuwa mbaya. Badala yake alioga maji ya uvuguvugu, na kabla ngozi haijakauka vizuri akajipaka mafuta ya nazi miguuni na mikononi, akalala na kanga ya pamba. Wadudu hawakutoweka. Walipungua, na akajua kwamba si wadudu, jambo ambalo anasema ni nusu ya usingizi. Nilimwambia pia anachopaswa kukiogopa: ganzi ya upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito ghafla, hapo asingoje hata dakika, na presha yake hiyo. Ganzi inayoanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda polepole, arudi kupima sukari.

Baada ya wiki mbili kioo kiliteleza ndani ya shavu. Moto, ambao alikuwa akiupa nane kati ya kumi nyakati za jioni, akaupa sita.

Kisha chuma. Kidonge kimoja cha miligramu 200 cha feri salfeti kwa siku, na hapa tulikwama kidogo kwa sababu ya chai. Chai inakamata chuma tumboni kabla hakijaingia kwenye damu, na mwanamke huyu anaishi kwa chai. Anaikoroga, anaiuza, anaionja. Tulikubaliana ameze kidonge kwa maji saa kumi za usiku akianza kukanda unga, na kikombe cha kwanza kisubiri angalau saa moja. Choo kitakuwa cheusi, nikamwambia, usikimbilie hospitali. Na himoglobini ikishapanda asiache, maana ghala lina kazi ya kujazwa: miezi mingine mitatu mbele.

Dawa ya meno yenye mnanaa aliiacha akatumia isiyo na povu jingi wala ladha kali, yenye fluoraidi. Dawa ya tumbo aliisimamisha daktari, kwa kuwa hakuwa na tumbo la kutibu, na dawa hizo nazo hupunguza uingiaji wa chuma.

Alipokuja mwezi wa tatu, kingo za ulimi zilikuwa zimeota ukwaru wake. Chumvi ya mbaazi anaijua kwa kijiko cha kwanza. Moto wa jioni: tatu.

"Na hiyo tatu?" akaniuliza.

Hiyo tatu ndiyo, nadhani, ya neva zenyewe. Kwa moto huo wa neva ipo dawa iitwayo klonazepamu, ambayo mtu huimumunya kidonge juu ya ulimi kwa dakika tatu bila kumeza mate, kisha anatema. Inaandikwa na daktari tu, inaleta usingizi, na mwili unaizoea kwa ubaya. Ipo pia njia ya kusukutua maji yenye kiasi kidogo cha pilipili. Ile dutu inayowasha kwenye pilipili huzigonga neva hizohizo za moto hadi zinachoka, na kwa baadhi ya watu moto wao wenyewe unashuka. Siku za kwanza unazidi kwanza, na waliojaribiwa katika tafiti si wengi. Baadhi, bila chochote, hupata nafuu ya polepole kwa miaka. Wachache hupona kabisa.

Klonazepamu aliikataa palepale, anaamka saa kumi na mafuta ya moto hayataki mtu mwenye usingizi. Ya pilipili alicheka hadi akashika ubavu, akaniambia mie daktari wa meno nimwachie yeye habari za pilipili. Tatu, alisema, anaiweza, mradi meno yaliyobaki yabaki.

Kisha akaniuliza kama naweza kumwona wifi yake. Yule wa uvivu wa kufunga. Ana miaka 47, na tangu mwezi uliopita analalamika kwamba chai yote ya Mombasa imekuwa na ladha ya chuma.

Nikamwambia aje na mfuko wake wa dawa.